Kabla ya kusema mtoto amekonda, mpime urefu

Grafu ya kadi ya kliniki ambayo wengi tunaiangalia inalinganisha uzito na umri tu, kwa hiyo mtoto mfupi huonekana kama aliyekonda, na mrefu aliyekonda anaweza kupita bila kushtukiwa. Mwombe muuguzi ampime urefu, kisha asome jedwali la uzito kwa urefu la WHO.

Chukua mvulana wa miaka 2, kilo 9.5, sentimita 80. Kwa umri, yuko chini ya mstari wa -2, yaani mpaka wa uzito pungufu, na hapo ndipo bibi anaanza kusema hapewi chakula. Kwa urefu wake, kilo 9.5 ni uzito wa kawaida. Tatizo lake ni udumavu: ufupi uliojengeka kwa miezi mingi. Kumshindilia uji wa mafuta na sukari kutamnenepesha tu, hakutamrefusha. Anahitaji mayai, dagaa, maharage, na kuchunguzwa kama anaugua mara kwa mara.

Unene nao usomwe hapohapo: chini ya miaka 5, uzito kupita kiasi ni juu ya mstari wa +2 wa uzito kwa urefu. Mashavu si kipimo.

Njia hii hukwama mtoto akiwa amevimba, maana maji nayo yana uzito. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, achana na grafu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.