Dakika nne za mwanajopo: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda jukwaani

Ratiba ikisema mjadala ni saa moja na wanajopo ni wanne, usijihesabie dakika 15. Chukulia mjadala wa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi, ndani ya hema, viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma. Mgeni rasmi bado anazunguka mabanda, kwa hiyo mnaanza mkiwa mmechelewa dakika 15. Utambulisho unakula 5, maswali ya wasikilizaji 15, kufunga 5, na muongoza mjadala naye ana maneno yake, tuseme 4. Zinabaki 16. Kila mmoja ana dakika 4, tena hapewi kwa mkupuo: mbili mzunguko wa kwanza, mbili mzunguko wa pili.

Dakika mbili, kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, ni maneno 200 hadi 250 hivi. Andika unachotaka kusema, kisome kwa sauti huku simu ikikupima muda, ndipo utajua mwendo wako. Wengi hugundua hapo kwamba walichoandaa kinahitaji dakika tisa. Dawa yake siyo kusema haraka. Ni kuchagua jambo moja ambalo ungependa watu walihusishe na jina lako, na mengine kuyaacha nyumbani.

Tuseme aliyealikwa ni ofisa ugani aliyefanya kazi na wakulima wa mahindi wilayani Chemba. Kishawishi chake cha kwanza ni kuanza na mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara. Lakini kwenye jopo hilo kuna daktari, na daktari ataanza na hapohapo. Ofisa ugani akirudia, anakuwa mwangwi. Eneo lake yeye ni kati ya shamba na ghala, kwa hiyo sentensi yake inaweza kuwa hii: "Mahindi ambayo hayajakauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 yasiingie kwenye mfuko." Ni fupi, ina namba moja, mwandishi wa habari anaweza kuinukuu bila kuikatakata, na mfanyabiashara wa soko la Kibaigwa anaondoka nayo kichwani. Hiyo sentensi isemwe mwanzoni mwa zamu ya kwanza, kisha irudiwe mwishoni mwa zamu ya pili kwa maneno yaleyale.

Namba peke yake haikai. Ipe kitu cha kushika. Wakulima wengi hawana mashine ya kupima unyevu, lakini chupa ya kioo yenye mfuniko na chumvi vinapatikana kila nyumba. Ofisa wetu aje na chupa kavu, chumvi kavu na mahindi kiasi cha kufika theluthi ya chupa. Anatikisa, anaiweka mezani, anaendelea kuongea. Baada ya dakika kama 15 chumvi ikiwa imenata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Muda huo unamfaa: anatikisa zamu ya kwanza, anaonyesha jibu wakati wa maswali ya wasikilizaji.

Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni mpaka swali liulizwe. Kipimo cha chumvi huonyesha unyevu uliozidi asilimia 15 hivi. Hakiwezi kukwambia kama umefika 13.5. Msikilizaji makini akisimama na kusema, "Mtaalamu, chupa yako imepita lakini mahindi yangu yana 14.5," asiyejiandaa ataanza kubabaika, na ukumbi utakachokumbuka ni kubabaika kwake. Aliyejiandaa analisema mwenyewe kabla hajaulizwa: chupa inakuambia mahindi yapi yarudi juani, haikupi ruhusa ya kufunga mfuko, kabla ya kuhifadhi, tafuta mashine. Kabla ya kupanda jukwaani, itazame kila hoja yako hivyo: inaishia wapi, na nani ukumbini anajua inapoishia?

Maswali mengine mawili yatakuja kwa hakika kwenye mada hii. La kwanza, je, ukipika ugali sumu inakwisha? Jibu liwe tayari kwa sentensi mbili: moto wa jikoni hauimalizi sumukuvu, kukoboa hupunguza, lakini hakuondoi yote. La pili ni la mama ambaye mtoto wake amekula mahindi yenye ukungu na sasa anatapika. Hilo si la ofisa ugani. Aseme mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, kisha ampe kipaza sauti daktari aliye pembeni yake. Kumwachia mwenzako swali lake hakukushushii hadhi hata kidogo. Kinachoshusha ni kulijibu kwa kubahatisha.

Siku tatu au nne kabla, mpigie simu muongoza mjadala. Muulize wanajopo wengine ni akina nani, nani anaanza, swali lako la kwanza litakuwa lipi, na kama mgeni rasmi atakuwepo wakati wa mjadala au atafungua na kuondoka. Hili la mwisho linahusu itifaki. Mzungumzaji wa kwanza huenda akalazimika kuwatambua meza kuu, na hilo pekee laweza kuchukua nusu dakika. Ukiwa wa pili au wa tatu, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Anayeanza tena kutaja vyeo kimoja kimoja anakula muda wake mwenyewe. Kama ni mtumishi wa umma, hakikisha pia mwajiri ametoa kibali, maana kwenye mikutano hii waandishi wa habari hawakosi.

Wasifu wako uandike mwenyewe, usizidi maneno 40, na umkabidhi mshereheshaji ukiwa umechapwa kwa herufi kubwa. Ukimwachia atafute, atasoma vyeti vyako vyote au atakuita "mtaalamu mbobezi" tu, neno ambalo siku hizi kila mtu anapewa. Wasifu unaofanya kazi unasema unachokijua na ulikojifunzia: "Ni ofisa ugani, miaka tisa na wakulima wa mahindi wilayani Chemba, akifundisha ukaushaji na uhifadhi wa kuzuia sumukuvu." Mwandishi wa habari akitafuta mtu wa kumhoji mwakani, sentensi hiyo ndiyo itakayomrudisha kwako.

Slaidi usizitegemee hemani. Mchana mwanga hupenya turubai na picha ya projekta hufifia. Agosti Dodoma ni upepo na vumbi, na karatasi nyembamba zitapeperuka ukiwa katikati ya sentensi. Andika vidokezo vyako kwenye kadi mbili za manila, moja kwa kila zamu. Kipaza sauti kishike mpini, usizibe kichwa chake kwa kiganja, kwa sababu hapo ndipo kinapoanza kupiga mluzi. Kiweke karibu na kidevu, upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, na ukigeuka kumtazama mwenzako kigeuke nawe. Hewa ni kavu, kwa hiyo kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kusubiri koo likukaukie.

Jioni ya kabla, chapa nakala 20 za karatasi ya nusu ukurasa: jina lako kama unavyotaka liandikwe, cheo, namba ya simu, ile sentensi moja, na hatua za kipimo cha chupa pamoja na kikomo chake. Mjadala ukiisha usikimbilie chakula. Simama nje ya mlango wa hema dakika kumi ukiwa na karatasi hizo mkononi na ile chupa, kwa sababu watakaokufuata watataka kuitikisa wenyewe.