Somo: Kuandika waranti ya laptopu iliyotumika

Mwaka jana niliandika kwenye risiti "Waranti mwezi 1", basi. Mteja akarudi siku ya 29 na betri inayokaa saa moja. Kwake waranti ilikuwa ya kila kitu. Kwangu ilikuwa ya bodi tu. Karatasi haikusema lolote, nikalipa. Tangu hapo naandika hivi.

Hatua ya 1. Andika ulichopima. Huwezi kudhamini usichokijaribu. Kwa betri, fungua dirisha la amri la Windows:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti inatoa DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ikiwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa sasa. Tuseme ni 48,000 mWh na 36,000 mWh: imebaki asilimia 75. Andika hizo namba. "Betri nzuri" ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Hatua ya 2. Taja sehemu moja moja, kila moja na muda wake, kwa tarehe. "Mwezi" mmoja huwa na siku 28, mwingine 31. Mfano wangu:

"Bodi kuu, diski, kioo na kibodi: siku 30, kuanzia 3 Machi (siku ya kukabidhi, nayo inahesabiwa) hadi 1 Aprili. Betri: siku 14, hadi 16 Machi, nitaibadilisha ikiwa ripoti itaonyesha chini ya 31,200 mWh. Chaja haimo."

Hiyo 31,200 ni asilimia 65 ya uwezo wa awali. Nimeacha nafasi kwa sababu vipimo vya betri hupandashuka kidogo hata ikiwa salama.

Hatua ya 3. Yasiyomo: kuanguka, kumwagikiwa maji, lakiri iliyokatwa. Andika pia namba ya kifaa iliyobandikwa chini, usije ukaletewa laptopu nyingine.

Hatua ya 4. Utafanya nini. "Nitatengeneza ndani ya siku 7, nikishindwa, narudisha pesa yote. Usafiri wa kuileta ni wa mteja, wa kuirudisha ni wangu."

MASWALI

Swali: Ikikaa kwangu siku 5 nikiitengeneza, muda unaendelea kwenda?
Jibu: Andika kwamba siku hizo zinaongezwa mwishoni. Mteja hakuitumia, si haki zimhesabiwe.

Swali: Mteja anasema inazima yenyewe, nikiiwasha haizimi. Nikatae?
Jibu: Usikatae. Muulize ilizima akifanya nini, kisha iache ifanye kazi hiyo hiyo saa 3 mfululizo. Hitilafu nyingi za joto hujitokeza hapo. Isipotokea, mrudishie na uandike tarehe aliyolalamika. Ikizima tena hata baada ya 1 Aprili, mimi naihesabu ndani, maana aliripoti mapema.

Swali: Nikiandika "ikiuzwa hairudishwi", niko salama?
Jibu: Hapana. Nchi nyingi zina sheria za kumlinda mnunuzi, na karatasi yako haiwezi kuzifuta. Waranti yako inaongeza juu ya haki hizo, haizipunguzi.