Baga za kwenye tawa: ziive mpaka katikati bila kukauka (somo)

Wakuu, wengi hapa mnasema baga ya nyumbani inatoka ngumu, sasa mtu akiona hivyo anaitoa mapema ikiwa bado mbichi katikati. Vyote viwili havina haja. Nitaelezea kwa tawa la chuma zito kwenye jiko la gesi, maana ndio wengi tunalo.

Nyama. Hapa ndo ukavu unapoanzia. Nyama zetu nyingi za bucha hazina mafuta, na ukimwambia muuzaji akusagie steki tupu ujue baga imeshakauka kabla hujawasha jiko. Chukua gramu 800 za bega au kidari na gramu 200 za mafuta, nundu ikipatikana ndo tamu zaidi, asage vyote pamoja. Ukifika nyumbani weka kwenye friji ipoe, mafuta yakilainika mkononi yanayeyuka mapema yakifika kwenye tawa.

Kutengeneza. Kilo moja gawa mara 8, kila donge gramu 125. Libonyeze kiasi tu lishikane, usikande kama unga wa chapati. Upana sentimita 10 hadi 11, yaani uzidi mkate kidogo kwa sababu itasinyaa, unene sentimita moja na nusu hivi. Katikati bonyeza kwa kidole gumba kuwe na kishimo, maana kingo zinajikunja kwanza na kusukuma nyama katikati, bila kishimo inavimba, kingo zinakauka na katikati bado. Chumvi usichanganye ndani! Ikikaa kwenye nyama ya kusaga inaifanya ivutane kama soseji. Nyunyiza juu, pande zote, pale unapotaka kuweka kwenye moto.

Moto. Tawa lipate moto wa kati kwa dakika kama 5, alafu dondosha tone la maji. Likichemka tu na kukauka, subiri. Likiwa kijiduara kinachokimbia juu ya chuma, pako tayari. Paka mafuta kidogo sana, yakitoa moshi mzito papo hapo punguza gesi. Weka baga 3 au 4, ziachiane nafasi, na usiziguse. Baada ya dakika 3 au 4 upande wa chini utakuwa kahawia na utaachia chuma wenyewe, ukiona inang'ang'ania bado. Geuza, shusha moto kidogo, funika na sufuria dakika 2 hivi ili joto lipige na juu, alafu funua umalizie. Kwenye gesi katikati ya tawa ndo kunaunguza kuliko pembeni kwa hiyo zibadilishane nafasi.

Kujua imeiva. Nyama ya kusaga ifike digrii 71 katikati. Steki bakteria wanakaa juu tu, moto unawamaliza, ila ukisaga unawaingiza ndani kote. Kipima joto kichomekwe kwa ubavuni, sio juu, maana baga ni nyembamba na ncha itapitiliza. Ikigonga 71 toa. Watu wanakausha kwa sababu wanaongeza "dakika mbili za usalama", na hizo mbili ndo zinapandisha hadi 80 na kitu. Iache dakika 2 au 3 kwenye sahani kabla ya kuweka kwenye mkate.

MASWALI

*Mkuu zangu zinatoa maji ya kijivu zinachemka badala ya kukaanga, nyama mbovu?*
Hapana, tawa limepoa. Umejaza nyingi kwa mpigo, au nyama ilitoka friza haijayeyuka vizuri. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha, ifute maji, weka chache.

*Sina hicho kipima joto, nitaangalia rangi tu?*
Rangi inadanganya dada, nyingine inageuka kahawia kabla ya kufika joto lake. Kama huna, pasua moja iliyo nene kuliko zote, ndani iwe na mvuke, isiwe laini ya kunata kama mbichi, na maji yake yawe meupe. Sio uhakika kamili, kwa hiyo kwa watoto, wazee na wajawazito nunua tu kipima joto.

*Mbona kuna wanaoikandamiza na mwiko mpaka inakuwa kama chapati na bado ina maji?*
Hao wanakandamiza donge la gramu 80 ndani ya sekunde 30 za mwanzo, mafuta hayajayeyuka, tawa likiwa moto mkali. Inaiva dakika moja na nusu upande wa kwanza, wa pili chini ya dakika. Ukikandamiza baadae ile "chwiii" unayosikia ni mchuzi wako unaungua.

*Niweke yai na chenga za mkate kama katlesi?*
Kwa mafuta ya nyama 20 kwa 100 huhitaji, inashikana yenyewe. Kama bucha lako lina nyama kavu tu, loweka kipande cha mkate kwenye maziwa, kiponde uchanganye, ila hapo texcha itakuwa ya kababu kidogo.