Somo: Kupukuchua komamanga bila kurusha juisi, na kulitambua zito kabla ya kulinunua

Wengi wanaolalamikia komamanga wamezoea kulikata katikati kama chungwa. Kisu kinapita juu ya punje arobaini hamsini kwa mpigo mmoja, kila punje inapasuka, na juisi inaruka hadi kwenye shati. Halafu lawama zote zinaliangukia tunda.

Somo la leo linasimama juu ya jambo moja: kisu kikate ganda tu, kisiguse punje hata moja. Juisi imefungwa ndani ya punje. Punje ikitoka nzima, hakuna cha kuchafua. Ila kabla ya kisu tuanze na tunda lenyewe, maana komamanga lililokauka halina mbinu ya kuliokoa.

Kuchagua: mkono kwanza, macho baadaye

Chukua makomamanga mawili yanayolingana ukubwa, moja kila mkono. Usilinganishe dogo na kubwa, hapo utajidanganya. Lililo zito ndilo lenye maji ndani ya punje, na maji hayo ndiyo unayoyalipia.

Juzi nilikuwa na mawili ambayo kwa macho nisingeyatofautisha. Nikayaweka kwenye mizani ya jikoni: moja gramu 455, jingine gramu 340. Lile zito lilinipa gramu 240 za punje, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake, na hicho ndicho kiasi cha kutegemea kwenye tunda zuri. Lile jepesi lilitoa gramu 130, na baadhi ya punje zilikuwa zimesinyaa hadi kokwa inaonekana. Na lile jepesi ndilo lililokuwa jekundu zaidi!

Kwa hiyo rangi usiipe uzito mkubwa. Kuna aina za komamanga zinazoiva zikiwa za manjano au za waridi hafifu, na kuna jekundu lililokaa wiki nyingi baada ya kuchumwa. Umbo lina habari zaidi. Komamanga changa ni la mviringo kama mpira. Punje zinapojaa maji zinalisukuma ganda kutoka ndani, na tunda linaanza kuwa na pande bapa na mbavu unazoweza kuzipapasa kwa kidole. Hizo mbavu zikumbuke, tutazitumia tukifika kwenye kisu.

Ganda lenyewe hupoteza maji kabla ya punje. Ndiyo maana komamanga lenye ganda kavu kidogo, gumu kama ngozi, lakini bado zito mkononi, ni zuri tu. Mimi hulichukua bila wasiwasi. Ganda lililokunjamana na tunda jepesi, acha. Pia zungusha tunda ukibonyeza kwa dole gumba: sehemu inayobonyea kama tope ina uozo chini yake. Chungulia na ndani ya lile taji la juu. Ukiona ukungu, lirudishe.

Na komamanga haliivi baada ya kuchumwa. Ndizi ukiiweka ndani itaiva. Komamanga lililochumwa changa litabaki na ukali wake mpaka likauke.

Kupukuchua

Andaa bakuli kubwa lenye maji baridi, chujio, na kisu kidogo chenye makali. Kisu butu kinakulazimisha kukandamiza, na ukikandamiza kinazama kwenye punje.

*Kwanza, ondoa kofia.* Weka ncha ya kisu kama upana wa kidole kimoja kutoka kwenye taji, uzungushe mduara kulizunguka taji lote. Kina kisizidi unene wa ganda, yaani nusu sentimita au pungufu. Usikate kuelekea chini. Inamisha ncha kidogo kuelekea katikati ya taji, kama anayechonga kifuniko. Kisha ng'oa kwa vidole. Kofia ikitoka vizuri utaona nyama nyeupe na tando zinazotawanyika kutoka katikati kama nyota. Ukiona wekundu unatiririka, umeingia ndani mno. Tunda lijalo punguza kina.

*Pili, chora mistari.* Kila utando unaouona pale juu unagawa vyumba viwili vya punje, na mara nyingi ukiufuata kwa nje utakuta umekaa kwenye mojawapo ya zile mbavu. Pitisha kisu juu ya ganda kutoka kwenye utando mmoja hadi karibu na kikonyo chini, kisha mwingine, mpaka umalize. Kwa kawaida utapata mistari 5 au 6. Hapa pia unakata ganda peke yake. Kisu kikipita juu ya utando, hata kikizama kidogo hakikuti punje.

*Tatu, fungua ndani ya maji.* Lizamishe tunda kwenye bakuli, ingiza madole gumba mawili katikati ya ile nyota, uvute kwa nje. Litafunguka vipande vipande kama ua. Huku chini karibu na kikonyo halitagawanyika kwa unadhifu uleule, na watu wengi hudhani wamekosea. Hujakosea. Komamanga lina ghorofa mbili: vyumba vya juu ndivyo vinavyofuata mistari yako, na chini yake kuna vyumba vichache zaidi, mara nyingi 3, vyenye mpangilio wao. Hicho kibonge cha chini kivunje kwa mikono, kukiwa bado chini ya maji.

*Nne, sukuma punje.* Shika kipande, ukipindue ganda kidogo kwa nyuma ili punje zitokeze, kisha zisukume kwa dole gumba. Usizikwangue kwa kucha wala kijiko. Punje iliyoiva inaachia yenyewe; ikishikilia, anza na ile ya pembeni, jirani zake zitalegea.

Maji yanafanya kazi mbili hapo. Punje ikipasuka, juisi inaishia kwenye bakuli badala ya ukutani. Halafu punje zinazama na ule utando mweupe unaelea, kwa hiyo huhitaji kuchambua kimoja kimoja. Engua utando wa juu kwa mkono au kwa chujio, mwaga maji, na zilizobaki zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke. Ukishazoea, tunda moja linachukua dakika 3 au 4.

Utando wote uutoe. Ndiyo wenye uchungu, na kipande kidogo kinatosha kuharibu kijiko kizima.

Maswali ya wanachama

Mama Nuru: Ahsante kwa somo. Mimi hulikata nusu, nalifunika mkononi na kulipiga mgongoni kwa mwiko. Dakika moja limekwisha. Kwa nini nihangaike na maji?

*Jibu:* Mama Nuru, kwa kasi umenishinda, sibishi. Mwiko unafanya kazi vizuri tunda likiwa limeiva sana na punje zimelegea. Lakini kile kisu cha katikati kimeshapasua safu nzima ya punje, na kila pigo linarusha matone. Ukipenda mwiko, ondoa kofia na uchore mistari kama nilivyoeleza, ligawe kwa mikono, ndipo upige kipande kimojakimoja ukikielekeza ndani ya bakuli lenye kina. Mengi ya matone utakuwa umeyaepuka.

Kaka Side: Punje zikikaa kwenye maji hazipoi ladha?

*Jibu:* Nzima haziathiriki kwa dakika hizo chache, ngozi yake inazuia maji. Zilizopasuka ndizo zinazopoteza juisi. Kwa hiyo fanya na umalize. Usiziache zikilowa wakati unaendelea na shughuli nyingine. Na maji yakigeuka mekundu sana, ujue kisu chako kilizama.

Dada Rehema: Nimenunua zito kabisa, ganda zuri, nikafungua nikakuta punje nyeupe. Ni changa?

*Jibu:* Onja kabla ya kulihukumu, dada. Zipo aina zenye punje nyeupe au za waridi hafifu ambazo ni tamu kupita nyingi nyekundu. Likiwa kali mno na punje ni ndogo, hapo ndipo ni changa. Cha kutupa ni punje za kahawia, laini, zenye harufu ya pombe. Wakati mwingine utakuta chumba kizima kimekuwa cheusi ndani huku nje tunda halina hata doa. Huo ni uozo wa ukungu ulioingia kupitia ua tunda likiwa bado mtini. Matunda ya hivyo huwa mepesi kidogo kuliko wenzake, ndiyo sababu nyingine ya kupima kwa mkono, ingawa si yote utakayoyakamata.

Mzee Kombo: Mwalimu, lililopasuka ganda linafaa?

*Jibu:* Shikamoo mzee. Inategemea ufa. Komamanga likiiva sana, punje hulipasua ganda kwa kulisukuma, hasa likipata maji mengi baada ya ukavu. Ufa mpya, mkavu, usio na ukungu, lile na ulimalize siku hiyohiyo. Ufa wenye weusi pembeni au wadudu, liache.

Mama Nuru: Narudi tena. Kisu changu kimekuwa cheusi na vidole pia!

*Jibu:* Hiyo inatoka kwenye ganda na utando zaidi kuliko kwenye juisi. Ganda la komamanga lina tanini nyingi, ile inayokausha ulimi, na tanini ikikutana na chuma inatoa rangi nyeusi. Tumia kisu kisichoshika kutu, na ukioshe papo hapo. Vidole vitasafika vyenyewe kwa siku moja mbili. Nguo ikirukiwa, suuza kwa maji baridi mara moja, na usiipige pasi doa likiwa bado lipo, litakaa humo.

Kaka Side: Nikitengeneza juisi, niziweke punje kwenye blenda?

*Jibu:* Weka, lakini bonyeza na kuachia mara tatu nne tu, sekunde moja moja, kisha chuja. Ukiiacha izunguke, inasaga kokwa, na juisi inakuwa chungu na yenye unga unga.

Dada Rehema: Na kuhifadhi?

*Jibu:* Tunda zima kwenye friji linakaa wiki kadhaa, nje ya friji wiki moja au mbili kutegemea joto. Punje zilizopukuchuliwa ziweke kwenye chombo chenye kifuniko, juu ya karatasi ya jikoni ya kunyonya maji, uzimalize ndani ya siku 4 au 5. Za kugandisha zitandaze kwanza kwenye sinia bila kubebana, zikishakuwa ngumu ndipo uzitie mfukoni, la sivyo utapata jiwe moja. Zikiyeyuka zinalegea, kwa hiyo hizo zipange kwa juisi.