Mbwa kala kakao: shika mzani kwanza, halafu angalia saa

Wengi wanaonipigia simu wanaanza na "daktari mbwa kala chokleti, nimpe maziwa?" Hapana, maziwa hayasaidii kitu. Ninachotaka kujua ni mbwa ana kilo ngapi, kala nini hasa, gramu ngapi na saa ngapi.

Mama mmoja anaoka keki za oda nyumbani, mbwa wake wa kulinda banda la kuku akaingia jikoni akapasua pakti ya unga wa kakao ya gramu 250. Nikamwambia apime kilichobaki, pamoja na kilichomwagika sakafuni, ikaja gramu 180, kwa hiyo mbwa kala kama 70 hivi. Uzito wa mbwa tuliupata kienyeji tu, kijana wake kapanda mzani kambeba, kashuka kapanda peke yake, tofauti kilo 14.

Sumu ya chokleti inaitwa theobromini, mwili wa mbwa unaitoa taratibu sana, saa 17 baadaye karibu nusu bado imo ndani. Kiasi chake kinategemea weusi wa chokleti: ile ya maziwa ina kama miligramu 2 kwa gramu moja, nyeusi kama 5, unga mkavu wa kakao unafika 28. Sasa piga hesabu: 70 mara 28 ni 1,960, gawa kwa kilo 14, unapata miligramu 140 kwa kila kilo ya mbwa. Kwenye 20 mbwa anatapika, anaharisha na hatulii, kwenye 40 mpaka 50 moyo unaenda mbio au unaruka mapigo, kuanzia 60 degedege, na ikishavuka 100 anaweza kufa. Angekula gramu 70 za chokleti ya maziwa ingekuwa 10 tu, ningemwambia amwangalie nyumbani. Pakti haina viwango kamili, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua kiasi kikubwa zaidi, usijidanganye.

Alikula saa 2 usiku, saa 3 walikuwa kwangu, bado mzima ila anahema na kuzungukazunguka. Nikampiga sindano ya kutapisha ikatoka tope la kahawia, jingi tu. Saa mbili za mwanzo ndio nzuri zaidi, ingawa chokleti inaganda tumboni kama donge na hata baada ya saa nne au sita huwa najaribu kama mbwa bado ana akili zake. Aliyeanza kutetemeka sana, degedege au kulegea hatapishwi, matapishi yataingia kwenye mapafu. Na tafadhali usimnyweshe chumvi wala kumtia vidole kooni, chumvi yenyewe ni sumu nyingine. Baada ya hapo nikampa mkaa wa dawa (sio mkaa wa jiko jamani) na nikaurudia, maana theobromini inazunguka inarudi tena kwenye utumbo. Nyingine inafyonzwa upya kutoka kwenye kibofu, ndio maana kijana aliambiwa amtoe akojoe kila mara. Moyo ulikimbia usiku kucha, kesho yake jioni akaanza kula.

Zabibu ni habari nyingine, na ninyi wa Dodoma mbwa wenu wanalala chini ya mizabibu. Hapa hesabu haikuokoi. Kuna mbwa anakula nyingi hana shida, mwingine zabibu kavu gramu 3 hivi kwa kilo zinamharibu figo, kinachoshukiwa ni asidi ya tataliki na kiasi chake kinabadilika shamba kwa shamba. Kwa hiyo mimi sigawi chochote, nikisikia kala natapisha, hata zimepita saa kadhaa kwa sababu zinakaa tumboni muda mrefu. Halafu dripu siku mbili na kupima figo, maana mbwa anatapika siku ya kwanza, anaonekana kapoa, kumbe siku ya pili au ya tatu mkojo unakata.

Zailitoli ndiyo inayonitisha zaidi kwa sababu ya saa. Ni ile sukari mbadala ya kwenye bigijii zisizo na sukari na baadhi ya dawa za meno, angalia E967 kwenye pakiti. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha kushusha sukari ya damu, kuanzia gramu 0.5 ini liko hatarini, na bigijii moja inaweza kuwa na gramu 0.3 hadi 1. Mbwa wa kilo 10 akimeza mbili tu anaweza kupepesuka ndani ya nusu saa. Mkaa haushiki zailitoli, na akishalegea muda wa kutapisha umepita: mpake asali kwenye fizi, usimmiminie mdomoni, na muwe tayari njiani kuja.