Mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoa kipeuo kwenye asili ya sehemu

Swali likisema "rahisisha na uondoe kipeuo kwenye asili", wanafunzi wengi hukimbilia kuzidisha. Tatizo huanzia hapo. Kazi iliyo muhimu zaidi hufanyika kabla ya kuzidisha chochote, nayo ni kuitazama asili na kujua ina nini ndani yake.

Kwanza hakikisha unajua kipeuo kipi kinatoka na kipi hakitoki. √16 inatoka, ni 4. √5 haitoki: desimali zake, 2.23606..., haziishi wala hazijirudii kwa mpangilio, hivyo hakuna namba nzima wala sehemu inayolingana nayo kamili. Ndiyo maana tunaiacha kama √5. Ukiandika 2.24 umeshaipoteza thamani halisi, na kosa hilo dogo litakua kila unapozidisha.

Kisha kuna kanuni moja inayobeba karibu kila kitu: √(a × b) = √a × √b, ilimradi a na b si hasi. Usiikariri tu, ijaribu. Ukizidisha √a × √b kwa yenyewe unapata a × b, na namba chanya ambayo mraba wake ni a × b ndiyo tunayoiita √(a × b). Kwenye kujumlisha haifanyi kazi. √(9 + 16) ni √25, yaani 5, ilhali √9 + √16 ni 7. Ukijikuta umeivunja √(a + b) vipande viwili, rudi nyuma.

Ili kuitumia kanuni hiyo, uwe na namba mraba kichwani: 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100, 121, 144. Chukua √72. Unatafuta namba mraba kubwa kuliko zote inayogawa 72 bila baki, nayo ni 36. Kwa hiyo √72 = √36 × √2 = 6√2. Aliyeiona 9 kwanza atapata 3√8. Hajakosea, ila hajamaliza, kwa sababu ndani ya 8 bado kuna 4. Akiendelea atapata 3 × 2√2, yaani 6√2 ile ile. Kipimo cha kujua umemaliza ni kuuliza kama namba iliyobaki ndani inagawanyika kwa 4, 9, 25 au namba mraba nyingine yoyote.

Mbona turahisishe kabla ya kushughulikia asili? Tazama 6 ÷ (√18 − √8). Kwa macho, asili ina vipeuo viwili tofauti, na mtu ataanza kuandaa mabano marefu. Lakini √18 ni 3√2 na √8 ni 2√2. Ukitoa, 3√2 − 2√2 inabaki √2 moja. Swali zima limekuwa 6/√2, na jibu ni 3√2. Asiyerahisisha atafika pale pale, ila kwa kupitia 6(√18 + √8)/10, na kila mstari wa ziada ni nafasi ya kukosea. Vipeuo hujumlishwa au kutolewa pale tu namba ya ndani inapofanana. Kama 3√2 na 2√5 zinajumlishwa, ziache zilivyo.

Sasa chagua cha kuzidisha. Asili ikiwa na kipeuo peke yake, kama 10/(3√5), zidisha juu na chini kwa √5. Inatosha, maana 3 haina tatizo. Unapata 10√5/15, na baada ya kugawanya kwa 5, 2√5/3. Ni lazima kuzidisha kiasi na asili kwa kitu kile kile, kwa kuwa √5/√5 ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi thamani. Ukizidisha chini tu umetengeneza namba nyingine kabisa.

Asili yenye vipande viwili ndiyo inayosumbua. Tuchukue (3 + √5)/(√20 − 3). Rahisisha kwanza: √20 = 2√5, kwa hiyo asili ni 2√5 − 3. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 20 − 12√5 + 9, yaani 29 − 12√5. Kipeuo bado kipo, na namba zimekuwa kubwa. Kilichokirudisha ni kile kipande cha katikati, −12√5, ambacho kimetokana na −6√5 mara mbili.

Tunachohitaji basi ni kizidisho kitakachofanya vipande hivyo viwili viwe na alama zinazopingana ili vifutane. Namba ni zile zile, alama ya katikati inageuzwa: 2√5 + 3. Katika (2√5 − 3)(2√5 + 3), sehemu ya katikati inakuwa +6√5 − 6√5, yaani sifuri. Inabaki 20 − 9 = 11. Hii ni tofauti ya miraba miwili, (a − b)(a + b) = a² − b², na ndiyo sababu pekee ya kugeuza alama. Kuwa makini na mraba wa 2√5. Ni 4 × 5 = 20. Anayeandika 10 amesahau kwamba 2 nayo inazidishwa kwa yenyewe.

Juu sasa: (3 + √5)(2√5 + 3) ina mazao manne, usiruke hata moja. 3 × 2√5 ni 6√5. 3 × 3 ni 9. √5 × 2√5 ni 10. √5 × 3 ni 3√5. Jumla ni 19 + 9√5, na jibu ni (19 + 9√5)/11. Hapa wengine hutaka kugawanya namba moja tu ya juu kwa ile ya chini. Hairuhusiwi, kwa sababu 11 inagawanya kiasi chote. Ungeweza kupunguza kama 19 na 9 zote zingegawanyika kwa kigawo kimoja na asili.

Asili ikiwa imeandikwa 3 − 2√5, namba ya chini itatoka 9 − 20 = −11. Si kosa. Geuza alama zote za juu na uiache asili ikiwa chanya.

Kabla ya kufunga swali, lipime kwa desimali, ukichukua √5 kuwa 2.236. Swali la mwanzo linatoa 5.236 ÷ 1.472, karibu 3.557. Jibu letu linatoa 39.124 ÷ 11, nalo karibu 3.557. Zikipishana sana, anza kutafuta kosa kwenye alama za mabano.

Na uangalie kama juu ya alama ya kipeuo kuna kitarakimu cha 3. Katika 1/∛2, kuzidisha kwa ∛2 hakusaidii, kwa kuwa ∛2 × ∛2 ni ∛4, ambayo nayo haitoki. Inahitajika kufika 8 ndani ya kipeuo, hivyo zidisha juu na chini kwa ∛4, na jibu ni ∛4/2.