Jinsi ya kusoma makadirio ya matibabu ya meno kabla hujalipa kianzio

Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari 19. Kila mstari ulikuwa na namba, herufi mbili tatu na bei. Chini kabisa ilikaa jumla, na chini ya jumla maneno kwamba nusu ilipwe kabla ya kuanza. Dada wa mapokezi aliigeuza ikanitazama, akaweka kalamu juu yake. Nilisaini mkono mmoja ukiwa shavuni. Mtu anayeumwa jino hasomi mistari, husoma jumla, kisha huuliza kama anaweza kulala bila maumivu usiku huo.

Kwa hiyo kabla ya yote: kama uso umevimba na uvimbe unashuka shingoni au kupanda kuelekea jicho, kama una homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunakupa shida, weka karatasi mfukoni uende hospitali sasa hivi. Hapo hakuna cha kusoma. Wengine wote, ombeni kwenda na karatasi nyumbani. Pamoja nayo omba nakala ya eksirei zako, hata kwa simu tu. Niliambiwa mfumo hauruhusu. Nilipouliza mara ya tatu mfumo uliruhusu.

Ukifika nyumbani anza na namba. Mfumo unaotumika sehemu nyingi una tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 ni juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati ya mbele, kuanzia 1 hadi 8. Hivyo 46 ni jino la sita chini kulia, gego kubwa la kwanza. Ukiona namba kama 5, 19 au 30, wanatumia mfumo mwingine unaohesabu kuanzia 1 hadi 32 moja kwa moja. Waulize ni upi, kwa sababu 16 kwenye mfumo mmoja ni gego la juu kulia na kwenye mwingine ni gego la mwisho juu kushoto. Herufi ni pande za jino: O ni pale panapotafunia, M ni ubavu unaoelekea katikati ya mdomo, D ni ubavu unaoelekea nyuma, B ni upande wa shavu na L upande wa ulimi.

Sasa chukua karatasi nyeupe uandike upya makadirio yote, safari hii kwa jino. Kila namba ipate sehemu yake, na kila mstari unaolihusu jino hilo uandikwe chini yake. Kazi hii ilinichukua dakika 20, na ningeifanya kabla ya kusaini nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Kwenye karatasi yao mistari ilikuwa imepangwa kwa aina ya kazi: usafi pamoja, kuziba pamoja, kofia ya kufunika jino mwishoni. Ukisoma hivyo huoni kitu. Nilipopanga kwa jino, 46 peke yake lilikuwa na mistari saba:

kuziba 46 MO
kuziba 46 DO
matibabu ya mzizi 46
eksirei ndogo 46, tatu
ganzi 46
kujenga msingi 46
kofia 46

Tuanze na mistari miwili ya kuziba. MO ni ubavu wa mbele na juu, DO ni juu na ubavu wa nyuma, na hiyo O ni ileile mara mbili. Matundu mawili yakikutana pale juu, daktari hachimbi mara mbili. Anaziba mara moja, na kazi huandikwa MOD. Wakati mwingine kweli kuna matundu mawili yaliyotenganishwa na ukuta mzima wa jino, basi mistari miwili ina haki yake. Eksirei na kioo kidogo cha daktari ndivyo vinavyoamua. Swali la kuuliza ni fupi: "Hizi O mbili ni tundu moja au mawili?"

Lakini kwangu tatizo kubwa lilikuwa moja zaidi. Jino linalotibiwa mzizi halizibwi kwanza MO na DO. Daktari anatoboa kutoka juu, anatoa kiini kilichooza au kilichokufa, anasafisha mifereji na kuijaza, kisha anajenga msingi na kuvalisha kofia. Yaani ule mzibo wa mistari miwili ungechimbuliwa wote. Nilipouliza, maelezo yalikuwa ya kweli kabisa: siku ya uchunguzi hawakuwa na hakika kama kiini kilikuwa hai, kwa hiyo waliandika njia zote mbili. Kama kiko hai, tunaziba. Kama kimekufa, tunatibu mzizi. Sawa. Ila kompyuta haijui neno "au", ikajumlisha zote, na mimi nikalipa nusu ya jumla hiyo. Popote unapoona jino moja lina kuziba na mzizi, au mzizi na kung'oa, uliza kama ni njia mbadala, kwa sababu huenda ni moja tu itakayofanyika. Kama ni hivyo, omba ya pili itolewe kwenye jumla.

Eksirei tatu na ganzi ni jambo jingine. Matibabu ya mzizi hayafanyiki bila eksirei ndogo: moja kabla, moja ya kupima urefu wa mfereji, moja ya mwisho kuona umejaa vizuri. Ganzi kadhalika. Hazijaandikwa kwa hila. Swali ni kama zimo tayari ndani ya bei ya mzizi, na kwangu zilikuwemo. Kujenga msingi nilikushuku pia, nikakosea: gego lililooza sana halina pa kushikia kofia bila msingi, na ni kazi tofauti. Mistari saba ikabaki mitatu.

Kofia yenyewe watu wengi huiweka kwenye fungu la mapambo. Kwa jino la mbele lenye tundu dogo inaweza kusubiri au isihitajike kabisa. Kwa gego lililotibiwa mzizi si pambo. Jino hilo limetobolewa katikati na linabeba nguvu ya kutafuna; likiachwa na mzibo wa muda kwa miezi, linaweza kupasuka hadi mzizini, na hapo hung'olewa. Si la leo, ni la wiki chache zijazo. Kama fedha haitoshi, afadhali uahirishe mistari mingine kuliko huu.

Fungu la pili lililonila ni usafi. Karatasi ilikuwa na kusafisha ukoga mdomo mzima, halafu mistari minne ya kusafisha kwa kina chini ya fizi, mmoja kwa kila robo. Kusafisha kwa kina ni tiba ya fizi zilizoachia jino, na hupimwa kabla. Daktari anaingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, na msaidizi anaandika namba. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 na kuendelea, hasa panapotoka damu na eksirei ikionyesha mfupa umeshuka, ndipo mazungumzo ya kina yanaanza. Mimi sikuwa nimepimwa hata jino moja. Daktari wa pili aliponipima, robo ya 3 na ya 4 zilikuwa na 5 hapa na pale, za juu zote 2 na 3. Kwa hiyo mistari miwili ilifutika, na usafi wa kawaida ukabaki kwa zile za juu. Kama hukusikia mtu akisoma namba kwa sauti juu ya kichwa chako, na huoni jedwali la vipimo, uliza robo zako zimechaguliwaje.

Sasa lipi la haraka? Mpangilio wa karatasi haukwambii. Mimi nilitibiwa kwa kufuata mistari, usafi kwanza, na 46 likasubiri wiki tatu huku likiniamsha saa nane za usiku. Jino ndilo linalosema. Maumivu yanayoanza yenyewe, yanayokuamsha, au yanayobaki nusu dakika na zaidi baada ya kitu cha moto au baridi kuondoka, yanaonyesha kiini kimeathirika kiasi cha kutorudi. Kijipu kwenye fizi, au jino linalouma ukiling'atia, navyo ni vya mbele. Baridi ikichoma sekunde moja na kuacha, kuna muda. Na ukiona maumivu makali yamekoma ghafla bila matibabu, usishangilie. Huenda kiini kimekufa na usaha unajikusanya taratibu.

Kwangu lenye haraka ya wastani lilikuwa jino moja: 25 DO, tundu lililovuka ganda gumu la nje na kuingia tabaka la ndani. Haliumi, ila linakua, na halifai kuachwa mwaka. Jirani yake, 24 D, lilikuwa na kivuli kilichoishia kwenye ganda la nje tu. Hilo linaweza kupakwa floridi na kuangaliwa tena bila kuchimbwa. Tofauti hiyo haionekani vizuri kwenye eksirei kubwa ya mdomo mzima niliyopigwa. Inataka eksirei ndogo za kung'atia, zinazoonyesha kati ya jino na jino. Kama karatasi yako ina M na D nyingi na hukung'ata kitu chochote wakati wa eksirei, uliza waliyaonaje.

Mengine niliyapitia haraka. Kubadilisha mzibo wa zamani wa 36: kuna ufa, uvujaji au kuoza chini yake? Jibu lilikuwa rangi yake ya fedha haipendezi, nikaufuta. Kung'oa 38, gego la mwisho ambalo halijawahi kuniuma, halijaoza na halimgusi jirani vibaya: liangaliwe tu. Kung'arisha meno sikuhitaji kuuliza.

Maswali yote niliyaandika kwa ujumbe, kila moja na namba ya jino, kwa sababu kwenye simu niliambiwa "daktari ndiye anayejua" na daktari alikuwa anaingia kesho. Niliomba makadirio mapya kwa awamu tatu, kila awamu na jumla yake, na kianzio kihesabiwe kwa awamu ya kwanza tu. Yalikuja na mistari 10: tisa iliyobaki, na mmoja mpya wa eksirei za kung'atia, ambao nililipa bila kinyongo.

Kianzio cha ile mistari 19 hakikurudi. Kinaitwa salio, kipo kwenye mfumo, na kila nikiuliza nakumbushwa kwa upole kwamba naweza kukitumia kung'arisha meno.